Karatasi inayokimbiliwa siyo inayochelewesha: hesabu ya siku za kufungua biashara ndogo

Ukimuuliza mtu wa Mombasa anayetaka kufungua kibanda au mkahawa amefika wapi, mara nyingi atakujibu kwamba bado anasubiri jina la biashara litoke. Jina likitoka atatafuta akaunti ya benki. Akaunti ikifunguka atamwita fundi. Fundi akimaliza atamwita afisa wa afya, na afisa akipita ataenda kuomba kibali cha kaunti. Anazipanga shughuli zake kama watu kwenye foleni ya maji, kila mmoja akingoja wa mbele yake aondoke. Wakati huo mwenye chumba anapokea kodi yake ya mwezi wa kwanza, wa pili, na pengine wa tatu, na mlango haujafunguliwa hata siku moja.

Ninaandika haya kwa sababu kazi yangu ni kuwashikia hesabu wafanyabiashara wadogo, na nimeona mtaji mwingi ukiisha kabla ya mauzo kuanza. Lawama zetu huzitupa kwa serikali, na sehemu yake serikali inastahili. Lakini kuna siku nyingi ambazo hakuna ofisi iliyozichukua. Tumezipoteza wenyewe kwa kupanga vibaya, na hizo ndizo tunazoweza kuziokoa leo bila kungoja sheria mpya wala gavana mpya.

Tukubali kwanza kwamba mambo yamebadilika. Jina la biashara leo husajiliwa kwenye eCitizen kwa simu, na ada yake haifiki shilingi elfu mbili. Katika ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 kuhusu wepesi wa kufanya biashara, Kenya ilishika nafasi ya 56 kati ya nchi 190, na viongozi wetu waliitangaza nafasi hiyo kwa fahari. Ripoti hizo zilisimamishwa mwaka 2021. Kwa Kenya, kipimo chake kilichukuliwa Nairobi peke yake, na kilihesabu siku za kampuni yenye hisa. Hakikumhesabia mama wa Kisauni anayetaka kuuza mahamri na chai, ambaye shida yake kubwa si kuandikishwa kwa jina bali ni sinki, mfereji na afisa wa kuja kuvitazama.

Basi tumchukue mama huyo. Jina lake nalihifadhi, na mtaa sitautaja zaidi ya kusema ni Kisauni. Alipata chumba kimoja kando ya barabara kwa kodi ya shilingi 12,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 400 kwa siku. Alitaka kuuza mahamri, mbaazi, viazi vya karai na chai, yeye na wasaidizi wawili, na alitaka awe amezoeleka na wateja kabla Ramadhani haijaingia, ili jioni za futari zisimpite. Alinijia na karatasi aliyoandika mambo manane, na mbele ya kila jambo tukaandika siku za kusubiri kama alivyoambiwa kwenye kila dawati na na kila fundi:

Jina la biashara, siku 7.
Akaunti ya benki na nambari ya kupokea malipo kwa simu, siku 4.
Fundi wa kutengeneza chumba, siku 12.
Vyeti vya afya vya watu watatu watakaoshika chakula, siku 4.
Ukaguzi wa afisa wa afya ya umma, siku 10.
Ukaguzi wa zima moto, siku 6.
Kibali cha biashara cha kaunti, siku 5.
Kabati la vioo na jiko kubwa kutoka kwa fundi wa chuma, siku 15.

Hizi ni siku zake yeye, za mwezi ule na za ofisi zile. Zako zitakuwa nyingine, na baadaye nitasema pa kuzipata. Ukizijumlisha zinakuwa siku 63, yaani wiki tisa kamili. Kwa kodi ya shilingi 400 kwa siku, ni shilingi 25,200 za chumba kilichofungwa. Kwa mahamri ya shilingi kumi kumi, hayo ni mahamri 2,520 yaliyoliwa na mwenye chumba kabla ya mteja wa kwanza kuonja.

Nilimuuliza, "Mama, mahamri na mbaazi za asubuhi unazipikaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. Mbaazi huzirowesha usiku. Alfajiri huziteleka, na zinapochemka yeye anakanda unga. Unga unapoumuka, anakuna nazi. Hakuna mpishi wa pwani anayengoja mbaazi ziive ndipo aanze kukanda, maana wateja wangeondoka. Jikoni anajua vizuri tofauti ya wakati wa mikono na wakati wa kusubiri. Mikono ni mmoja tu na haiwezi kuwa pahali pawili, lakini kusubiri kunaweza kwenda pamoja na kusubiri kwingine. Kwenye ile karatasi yake, siku 63 karibu zote zilikuwa za kusubiri. Fomu ya jina ni kazi ya saa moja. Siku saba zinazobaki ni za mtu mwingine, na wewe uko huru.

Kwa hivyo tulifuta mpangilio wa foleni, na mbele ya kila jambo tukauliza swali moja: hili linahitaji nini kiwe tayari kabla yake? Si lile tulilozoea kulitanguliza, bali lile ambalo pasipokuwapo utarudishwa dirishani.

Majibu yalifungua macho. Jina la biashara linahitaji kitambulisho, nambari ya KRA na anwani ya mahali pa biashara, maana fomu inaiuliza. Anwani inapatikana ukishakubaliana na mwenye chumba, na kukubaliana si lazima kuwe kulipa kodi ya mwezi mzima. Akaunti ya benki kwa jina la biashara inahitaji cheti cha jina, hiyo haina njia ya mkato. Fundi wa chumba hahitaji karatasi yoyote, anahitaji ufunguo na arubuni. Fundi wa chuma anahitaji vipimo vya chumba tu. Vyeti vya afya vinahitaji watu wenyewe, wapimwe choo na mkojo na vinginevyo watakavyoambiwa kwenye maabara, na havijali kama chumba kina mlango. Afisa wa afya na mtu wa zima moto wanahitaji chumba kilichokwisha. Na kibali cha kaunti, kwa alivyoelezwa mama huyu, kilihitaji cheti cha jina pamoja na ripoti zote mbili za ukaguzi.

Ukiangalia hivyo, unaona kwamba yako mambo matatu tu yaliyofungana kamba moja ndefu. Fundi siku 12, kisha ukaguzi wa afya siku 10, kisha kibali siku 5. Jumla ni 27. Mengine yote yanaingia ndani ya siku hizo 27 bila kuongeza hata moja. Ukaguzi wa zima moto unaanza fundi akimaliza siku ya 12 na kuisha ya 18, wakati ule wa afya unaisha ya 22. Kabati linaisha siku ya 15. Jina linaisha siku ya 7, na akaunti ya 11. Bila kumhonga mtu, bila kujuana na mtu, siku 63 zimekuwa 27.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila msomaji anayefikiria biashara alishike. Jina la biashara halimo katika ile kamba ndefu. Linahitajika siku ya kuomba kibali, na siku hiyo iko mbali. Hata likikataliwa mara moja kwa sababu linafanana na la mwingine, ukaomba upya ukasubiri siku 7 nyingine, utakuwa siku ya 14, na bado hujamchelewesha mtu. Kwa hivyo yule kijana wa saiba anayekuambia umwongeze elfu mbili jina litoke kesho anakuuzia siku ambazo huna haja nazo. Ungempa fundi hizo elfu mbili aongeze kibarua mmoja, ungeokoa siku ya kweli, maana fundi ndiye aliye kwenye kamba. Pesa ya kuharakisha iwekwe pale palipo na foleni ndefu, isiwekwe pale panapopiga kelele.

Hii haina maana jina ulichelewesha. Tulilianza kwanza kabisa, wiki moja kabla ya kumpa mwenye chumba kodi yake, kwa sababu ni rahisi, halimalizi pesa, na cheti hakichachi. Tuliandika majina kadhaa kwa mpangilio wa kupendelea, ili moja likikataliwa lingine lisimame. Na tulikatazana jambo moja: kibao cha nje kisiandikwe kabla jina halijakubaliwa. Nimeona vibao viwili vizuri vimeegeshwa nyuma ya nyumba za watu kwa sababu hiyo.

Wiki hiyo hiyo ya kabla ya kodi ndiyo ya kufungua iTax na kutazama kama nambari yako ya KRA ni safi. Wengi wetu tuliichukua zamani kwa ajili ya kazi fulani au mkopo, tukaisahau. Kumbe hata asiye na mapato anatakiwa kujaza taarifa kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, na faini ya mtu binafsi kwa kuchelewa huanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka. Mzigo huo ukiugundua siku unapotakiwa cheti cha kulipa kodi, utakuwa umeongeza kiungo kipya mwishoni mwa kamba. Ukiugundua mapema, unashughulikiwa pembeni.

Sasa tunaweza kushuka chini ya 27? Tulizitazama zile siku 10 za afisa wa afya. Afisa hakai siku 10 chumbani kwako. Yeye anakuja nusu saa. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba siku 8 ni za foleni kabla hajafika, na siku 2 ni za kuandika ripoti. Foleni ya siku 8 haihitaji chumba kilichokwisha, inahitaji ombi lililopokelewa. Kwa hivyo ombi linaweza kuingia fundi akiwa bado anapiga lipu, ili siku za foleni na siku za fundi ziende pamoja.

Lakini hapa pana mtego. Ukiomba siku ya kwanza, afisa atafika siku ya 8 akute mchanga na saruji. Ataandika kwamba chumba hakijafaa, na utarudi mkiani mwa foleni ungoje siku 8 tena. Kubana sana kunaweza kukurudisha nyuma kuliko kutobana. Tulichofanya ni kuhesabu kinyumenyume. Fundi alisema atamaliza siku ya 12. Tukampa siku mbili za ziada, kwa sababu fundi ni fundi, ikawa siku ya 14. Kutoka 14 tukatoa 8, tukapata 6. Ombi la afya likaingia siku ya 6.

Tulipofupisha hapo, jambo lingine likajitokeza. Afisa wa afya angekuja siku ya 14 na ripoti ingetoka siku ya 16. Lakini zima moto, ambalo mwanzo lilikuwa limejificha kivulini, lingeomba siku ya 12 na kutoka ya 18. Sasa lenyewe ndilo limekuwa linachelewesha. Hivi ndivyo ilivyo siku zote, ukikata kamba ndefu, iliyokuwa ya pili inakuwa ndefu. Ndiyo maana hesabu hairudiwi mara moja tu. Tukaliwahisha ombi la zima moto, likaingia siku ya 8 ili mtu wao afike na kumaliza siku ya 14. Hapo ripoti zote mbili zinakuwa mkononi siku ya 16, na kibali kinatoka siku ya 21. Shilingi 8,400 za kodi badala ya 25,200.

Na vyeti vya afya vya wafanyakazi? Hivi vina tabia tofauti, na wengi hukosea hapa kwa kuwahi. Ni rahisi kuvipata, kwa hivyo mtu mwenye hamu huvitanguliza. Lakini cheti cha mtu anayeshika chakula hudumu miezi sita tu, kisha apimwe upya. Katika mpango wa siku 63, mama angevichukua siku za mwanzo na kuvipoteza karibu miezi miwili kabla hajauza hata andazi. Ni kama tui la nazi, ukilikamua usiku kwa ajili ya mbaazi za asubuhi litakuwa limechacha. Kitu kisichochacha kitangulize, kinachochacha kisogeze karibu na siku ya kuhitajika. Afisa angefika siku ya 14 na angeviuliza, basi tulipanga maabara siku ya 8 hadi ya 12, tukiacha siku mbili kama jibu la mmoja lingehitaji kurudiwa. Pia uwe umeshaamua nani atafanya kazi. Cheti ni cha mtu, si cha duka. Msaidizi akiondoka, anayekuja anapimwa mwanzo.

Kibali cha kaunti nacho kina swali lake la kuchacha. Uliza kabla ya kulipa kama muda wake unaisha tarehe 31 Desemba au miezi 12 baada ya kulipa. Kama ni Desemba, anayelipa Novemba analipia mwaka apate wiki chache, na pengine hiyo ndiyo sababu tosha ya kumwambia mwenye chumba kwamba utaanza Januari. Kama ni miezi 12, hakuna hasara ya tarehe.

Wazee wetu walisema mshika mbili moja humponyoka, na kuna watakaoniambia kwamba mpango huu unamshikisha mama mambo manane. Wana haki ya kuhofia, na hofu yao ina sura mbili.

Ya kwanza ni mwili. Mambo yanaweza kungojewa pamoja, lakini mguu ni mmoja. Siku ya 8 ilikuwa na zima moto, maabara na fundi wa chuma aliyetaka kuonyeshwa mlango. Dawa yake ni kutofautisha kinachomtaka mwenyewe na kinachoweza kufanywa na mwingine. Maabara inamtaka yeye. Ombi la zima moto linaweza kupelekwa na mpwa wake akiwa na karatasi zilizokamilika. Kinachofanywa kwa simu kifanywe usiku. Tuliweka sharti la ofisi moja tu kwa siku kwa kila mtu, na daftari moja lenye safu tatu: nimeomba lini, jibu ni lini, nimfuate nani.

Ya pili ni pesa, na hii ndiyo nzito. Mpango wa foleni una faida moja, unatoa pesa kidogo kidogo kwa wiki tisa. Mpango wa kubananisha unazitaka kwa wiki mbili: arubuni ya fundi, arubuni ya kabati, kodi, ada. Asiyekuwa nazo zote hana haja ya kuuacha mpango wote. Aangalie ni jambo gani lina nafasi ya kupumua. Kabati lilihitaji siku 15 na duka lingefunguliwa siku ya 21, kwa hivyo arubuni yake ingeweza kusubiri mpaka siku ya 6 bila madhara. Kinachoweza kusogezwa kisogezwe. Usichoweza kusogeza hata siku moja ni fundi, kwa sababu yeye yuko kwenye kamba. Kama pesa ya fundi haipo, usilipe kodi. Ufunguo bila fundi ni shilingi 400 zinazodondoka kila jua likichomoza.

Jinsi ya kujua mpango unaharibika kabla haujaharibika, chagua siku moja ya kuukagua. Yetu ilikuwa siku ya 10. Swali lilikuwa jepesi: maji yanatoka kwenye mfereji na kuingia kwenye sinki, na yanakwenda zake bila kutuama? Kama jibu ni hapana, kuna siku nne za kupiga simu na kuomba tarehe isogezwe kabla afisa hajapanda pikipiki. Tarehe iliyosogezwa ni hasara ya siku chache. Afisa aliyekuja bure ni foleni upya. Rangi ya ukuta wa nje na rafu zinaweza kubaki nyuma. Maji, choo, wavu wa kuzuia nzi, ukuta unaooshika na pipa lenye kifuniko haviwezi.

Ilivyokwenda kwa kweli, fundi alichelewa siku moja, na zile mbili za ziada zikaimeza. Afisa alikuta pipa halina kifuniko, kikanunuliwa saa ile ile. Ripoti ya siku mbili ikachukua nne. Kibali kikatoka siku ya 23. Si 21, lakini si 63. Shilingi 16,000 za kodi zilibaki mfukoni mwake zikawa unga, sukari na mafuta.

Kuna karatasi ambazo hazifungi mlango, na watu huzichanganya na zinazofunga. Kujiandikisha NSSF na SHA kama mwajiri ni lazima ukiwa na wafanyakazi, lakini michango hukatwa mshahara unapolipwa, na hupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Haya yafanyie kazi katika zile jioni za kusubiri ripoti. Usiyaache, ila usiyaweke mbele ya fundi.

Wapo pia wanaokata shauri la kufungua kwanza na kutafuta kibali baadaye. Nawaelewa, kodi inawachoma. Lakini askari wa kaunti akiingia asubuhi ya mauzo mazuri, anaweza kuondoka na vyombo, na wewe ukafikishwa mahakamani. Hapo faini na siku zilizopotea hupita zile ulizotaka kuziokoa. Mtu ambaye kusubiri kwake ni wiki tatu hushawishika kidogo kuliko mtu ambaye kusubiri kwake ni wiki tisa.

Nilisema nitaeleza pa kuzipata siku zako. Ofisi nyingi za serikali zina bango ukutani linaloorodhesha huduma, mahitaji, ada na muda, ndio mkataba wa huduma kwa wananchi. Lipige picha. Kisha muulize mtu aliyetoka dirishani wiki hii ilimchukua siku ngapi, na panga kwa ile iliyo ndefu kati ya hizo mbili. Hesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa sababu mwenye chumba anazihesabu.

Sehemu ya serikali sasa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Mama huyu alifaulu kwa sababu ofisi ile ilikubali ombi lake chumba kikiwa bado na saruji. Zipo zinazokataa kupokea ombi mpaka fundi aondoke, na hapo hesabu yetu yote inarudi kwenye siku 27. Kaunti ingeweza kumwokoa kila mfanyabiashara wiki nzima kwa mambo mawili yasiyohitaji jengo wala bajeti. La kwanza, kupokea ombi la ukaguzi mapema na kumpa mtu tarehe, kama hospitali inavyompa mama mjamzito tarehe ya kliniki. La pili, kuwatuma afisa wa afya na mtu wa zima moto siku moja, kwa kuwa wanakwenda kutazama chumba kile kile. Wawakilishi wetu wa wadi wanapokuja kuomba kura, hayo ndiyo ya kuwauliza, kuliko kuwauliza watatujengea soko lingine lini.

Hadi wajibu, chukua karatasi. Andika kila unachotakiwa kupata, siku za kusubiri, na kinachohitajika kabla yake. Vuta mstari kuanzia siku ya kufungua ukirudi nyuma, uone ni mambo gani yaliyofungana. Hayo machache ndiyo ya kuyaamkia alfajiri. Mengine yaanzishe, yaache yachemke.